Jin Alikufa Lini? Kuruka kwa Wakati Ndani ya Lost

"Kaka, Jin alikuwa anakimbia na mdoli kwenda hospitali, mke wake anajifungua. Dakika chache mbele tunaoneshwa kaburi lake, limeandikwa alikufa siku ile ile ndege ilipoanguka. Sasa alikufa lini? Au kuna sehemu nimeruka?" Aliyeuliza ni kijana wa Igoma, Mwanza, aliyekuwa katikati ya sizoni ya nne ya Lost, tamthilia ya Kimarekani.

Hukuruka kitu. Ulichoangalia ni sehemu ya saba ya sizoni hiyo, inaitwa "Ji Yeon", na iliporushwa Marekani Machi 13, 2008, watu waliokuwa wamefuatilia tamthilia hiyo kila wiki tangu 2004 walipigwa chenga ile ile. Mbio za Jin ni za miaka kadhaa kabla ya ajali. Uchungu wa Sun, mke wake, ni wa baada ya kutoka kisiwani ndege ilikoanguka. Mhariri wa picha amezichanganya siku hizo mbili, kipande cha huku kikifuatwa na kipande cha kule, mpaka jicho linaamini kwamba mume na mke wako kwenye mji mmoja, siku moja, na mmoja anamkimbilia mwenzake. Nakubali kabisa kwamba umechanganywa. Swali ambalo mimi naliona zito zaidi ni kama walikuwa na haki ya kukuchanganya.

Tuanze na jinsi Lost ilivyotufundisha kuiangalia. Ndege ya Oceanic 815 inaanguka kisiwani Septemba 22, 2004. Kila sehemu ina mtu wake mmoja, na hadithi inakwenda mbele kisiwani huku vipande vikirudi kwenye maisha ya mtu huyo kabla ya ajali. Shuleni tuliifahamu mbinu hii kwa jina la kisengerenyuma. Wakati wa kurudi nyuma ukifika, kamera inamsogelea mhusika usoni, sauti ya mngurumo inapanda kama ya ndege inayopita juu, halafu ghafla tuko Los Angeles au Seoul au Sydney. Hakuna maandishi ya mwaka. Hayakuhitajika, maana kwa sizoni tatu karibu zote mngurumo ule ulikuwa na maana moja tu: sasa tunarudi nyuma. Mtazamaji aliacha kujiuliza.

Kutojiuliza huko ndiko walikokutumia Mei 23, 2007, kwenye kipindi cha mwisho cha sizoni ya tatu. Jack, yule daktari, anaonekana akiwa na ndevu, amelewa, anameza vidonge, ameshika kipande cha gazeti kinachomliza. Anapanda ukingo wa daraja ajirushe. Anakwenda kwenye nyumba ya maziko ambako hakuna mwombolezaji hata mmoja. Sisi tunasema, haya, hii ni miaka yake mibaya, mke ameshamwacha, tunayajua hayo. Kipindi kizima kinakwisha hivyo. Kwenye tukio la mwisho Jack anasimamisha gari karibu na uwanja wa ndege usiku, gari jingine linakuja, na anayeshuka ni Kate. Jack na Kate walikutana kisiwani. Kabla ya ajali hawakuwa wakijuana. Kwa hiyo yote tuliyoyaona ni ya baadaye, wametoka kisiwani, na daktari anamwambia mwenzake kwamba inabidi warudi.

Mtazamaji hapo anakuwa kama abiria aliyesinzia kwenye kivuko cha Kamanga, akaamka katikati ya maji: chombo ni kile kile, injini inanguruma vile vile, na hajui kama anakwenda Sengerema au anarudi mjini mpaka aone ufukwe.

Mimi niko upande wa wanaosema chenga ile ilikuwa halali. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba ufukwe ulioneshwa. Shaka ilifungwa ndani ya kipindi kile kile, kwa jambo ambalo kila aliyeangalia sizoni ya kwanza analijua: nani alimjua nani, na lini. Halikuhitaji kalenda wala kusimamisha picha. Sababu ya pili naiona nzito zaidi. Ondoa chenga yote, mwambie mtu mapema kwamba hii ni ya baadaye, na bado matukio yale yana kazi. Mtu aliyehangaika sizoni tatu kuwaokoa wenzake, akafanikiwa, sasa anapanda ndege kila Ijumaa usiku akiombea ianguke. Hilo linauma hata kama unajua tarehe yake.

Lakini wanaopinga wana hoja, na hoja yao inakaa kwenye sentensi moja. Jack akiwa amelewa hospitalini anamfokea daktari mkuu amwite baba yake aje, waone kati yao nani amelewa zaidi. Sasa, baba yake Jack alifia Sydney. Jeneza lake lilikuwa ndani ya ndege ile ile iliyoanguka. Mtazamaji makini, yule anayekumbuka, akisikia baba anaitwa anasema moja kwa moja: basi hii ni kabla ya ajali. Anaadhibiwa kwa kukumbuka vizuri. Wanaotetea wanajibu kwamba Jack alikuwa amelewa na vidonge, akili haikuwepo, na kweli kwenye duka la dawa alipeleka cheti chenye jina la baba yake, kitu ambacho mtu mwenye akili timamu asingefanya. Naipokea nusu tu ya jibu hilo. Mlevi anaweza kusema lolote, ila mwandishi aliyemchagulia mlevi maneno hakuwa amelewa. Sentensi ile iliwekwa pale ili kutudanganya sisi, na kwenye tamthilia kuna tofauti kati ya kuficha tarehe na kutoa tarehe ya uongo.

Kulikuwa na kidokezo cha kweli pia. Nyumba ya maziko ile ina kibao kilichoandikwa "Hoffs/Drawlar", na ukizipanga upya herufi zake unapata "flash forward", jina ambalo Waingereza wanalipa tukio la kuruka mbele. Kidokezo cha namna hiyo ni zawadi kwa mtu anayejua Kiingereza, mwenye rimoti mkononi na muda wa kusimamisha picha. Kwa anayeangalia kwenye kibanda cha video Kirumba, amebanwa kwenye benchi na watu thelathini, hakina msaada wowote. Sikihesabu kama uaminifu kwa mtazamaji.

Kwa nini waandishi waliacha kurudi nyuma, wakati mbinu hiyo iliwafanyia kazi vizuri? Maji yalikuwa yamekauka kisimani. Kila mhusika alikuwa amesharudishwa nyuma mara kadhaa, na kufikia sizoni ya tatu sehemu nzima ilitumika kueleza chale za mkononi mwa Jack. Damon Lindelof na Carlton Cuse, waliokuwa wakiiongoza, walikuwa wanaidai ABC tarehe ya mwisho, na Mei 2007 kituo kikatangaza kwamba zimebaki sehemu 48 na hadithi itakwisha 2010. Ukishajua mwisho uko wapi ndipo unaweza kuchungulia mbele bila hofu ya kujifunga. Wanaolalamika kwamba kuruka mbele kulikuwa ujanja mtupu wanasahau jambo hilo. Kulibadilisha swali la hadithi kutoka kama watatoka hadi nani alitoka, nani alibaki, na kwa nini waliotoka hawana amani. Sizoni nzima ya nne imejengwa juu ya swali hilo.

Sasa njoo Februari 28, 2008, wiki mbili kabla ya sehemu iliyokuchanganya. Sehemu ya tano, "The Constant", inamhusu Desmond, mmoja wa waliokuwa kisiwani, na ukiisimulia kwa maneno inaonekana ngumu kuliko zote. Mwili wa Desmond unapelekwa kwa helikopta kutoka kisiwani hadi kwenye meli iliyo nje ya kisiwa, Desemba 2004, lakini akili yake inarukaruka kati ya siku hizo na 1996, alipokuwa askari Uingereza. Akiwa 2004 hawakumbuki watu aliotoka nao kisiwani. Akiwa 1996 anakumbuka meli ambayo hajawahi kuipanda. Mwanasayansi Faraday anampa kutoka 2004 namba za mashine, 2.342 na hezi 11, ampelekee Faraday mwenyewe wa 1996 pale Oxford ili amwamini. Na dawa pekee ya kumzuia asife ni kupata kitu au mtu anayemjua katika nyakati zote mbili, ambaye ni mpenzi wake wa zamani, Penny.

Sijawahi kumsikia mtu akiuliza ni lini kwenye sehemu hiyo. Wanalia, lakini hawaulizi. Na sababu inaonekana waziwazi ukiiangalia kwa ukaribu. Mwaka unatajwa kwa mdomo: Desmond mwenyewe, akili ikiwa imekatika, anasema anaamini ni 1996, na anaambiwa kwamba ni 2004. Sare ya jeshi, mvua na kambi viko upande mmoja tu, chuma cha meli kiko upande mwingine. Halafu nyakati zote mbili zimefungwa kwa kitu kimoja chepesi cha kushika, namba ya simu. Mwaka 1996 anamsihi Penny ampe namba yake na asiibadilishe, akimwahidi kwamba hatampigia mpaka mkesha wa Krismasi wa 2004. Kisha, kwenye meli, simu inapigwa. Penny anapokea. Miaka minane imebanwa ndani ya simu moja na hakuna anayepotea.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema watazamaji wetu hawapendi hadithi ngumu, kwamba wapewe hadithi iliyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Ugumu wa mpangilio na kutojua tarehe ni mambo mawili mbalimbali. "The Constant" ina mpangilio mgumu kuliko "Ji Yeon" mara nyingi, lakini tarehe zake ziko wazi. "Ji Yeon" ina mistari miwili tu, mtoto anaweza kuifuata, isipokuwa mmoja umefichwa tarehe kwa makusudi.

Turudi basi kwenye swali, tuipime sehemu hiyo kwa vitu vilivyomo. Upande wa Sun una uhakika kamili. Mimba yake iliingia kisiwani. Juliet, daktari aliyekuwa kisiwani, alimpima kwenye sizoni ya tatu na kumthibitishia hivyo. Mwanamke hawezi kujifungua kabla ya kubeba mimba, kwa hiyo leba yake ni ya baada ya kisiwa, hata kama hakuna mtu aliyetaja mwaka. Na muuguzi anamtambua kama mmoja wa wale sita maarufu waliorudi. Mwili na umaarufu, vyote vinaelekeza upande mmoja.

Upande wa Jin una vidokezo viwili, na vyote ni vyembamba. Simu yake ni kubwa, ya zamani. Na duka analonunua mdoli wa panda, muuzaji anataka kumpa joka kwa kuwa ni Mwaka wa Joka, ambao kwa kalenda ya Wachina ulikuwa 2000. Kwa mtazamaji wa Seoul hiki ni kidokezo cha haki kabisa, ni sawa na sisi kusikia mtu akitaja mwaka wa mvua za El Ninyo. Kwa mtazamaji wa Igoma si kitu. Sisemi tamthilia iliandikwa kwa ajili ya Igoma. Nasema kwamba mwandishi anapotegemea kidokezo cha aina hiyo peke yake, ajue kwamba watazamaji wake wengi hawana cha kushika hadi yeye aamue kufungua mkono.

Anafungua mwishoni. Jin anafika wodini, anakabidhi panda kwa ajili ya mjukuu wa balozi wa China, kazi aliyotumwa na mkwe wake. Muuguzi anamuuliza kama naye anatarajia mtoto. Anajibu kwamba hapana, wana miezi miwili tu ya ndoa. Ndipo Sun anakwenda na Hurley, mmoja wa wale sita, makaburini akiwa amembeba mwanaye, na jiwe linaonekana.

Jiwe lile linaongeza tatizo lingine ambalo wengi hawalioni mara ya kwanza. Tarehe ya kufa iliyochongwa pale ni Septemba 22, 2004, siku ya ajali, wakati sisi tumemwona Jin kisiwani siku nyingi baada ya hapo, akiwa hai, akigombana na kupatana na mke wake. Tarehe hiyo ni ya uongo. Waliorudi walikuwa wamekubaliana kuuficha ukweli wa kisiwa, na kwa hesabu waliyoipa dunia Jin alikufa ndegeni. Kwa hiyo kijana wangu uliiona tarehe pekee iliyoandikwa wazi kwenye sehemu nzima, ukaiamini, kama mtu yeyote angefanya, na hiyo ndiyo haikuwa ya kweli. Usiichukue hata kama ushahidi kwamba amekufa. Songa mbele tu na sizoni ya tano.

Nilimpelekea hoja hizi dada mmoja mwenye saluni Mabatini, ambaye ameirudia Lost zaidi yangu, na hakunipa nafasi ya kumaliza. "Kaka, ungejua mapema kwamba Jin haji, ungemsikia vipi Sun anavyomwita? Na mimi nilikuwa namsubiri. Alivyosubiri yeye ndivyo nilivyosubiri." Hii ndiyo hoja bora ya upande wa pili niliyowahi kuisikia na siwezi kuikwepa. Kwa dakika arobaini mtazamaji anawekwa mahali pa mjane: anangoja miguu ya mtu kwenye korido, na mtu haji. Maandishi ya mwaka chini ya kioo yangeua jambo hilo papo hapo.

Pamoja na hayo bado naiweka chini ya ile ya Jack, kwa kipimo kile kile. Itoe chenga kwenye mbio za Jin, zibaki peke yake. Unabaki na nini? Kijana anatumwa na mkwe wake kununua mdoli, teksi inaondoka na mdoli, anarudi kununua mwingine. Kuhusu Jin hujapata jambo jipya. Kwamba alikuwa mtumwa wa baba mkwe tunalijua tangu sizoni ya kwanza. Matukio yale hayana kazi nyingine ila kutudanganya. Uchungu wa Sun ulikuwa na nguvu ya kusimama wenyewe, na naamini mwigizaji yule angetufikisha makaburini bila panda.

Kuna lawama nyingine ambazo si za waandishi, na ni haki kuzitenganisha. Huku kwetu wengi huziangalia sizoni hizi kwa flashi iliyojazwa dukani. Televisheni nyingi zikisoma flashi hupanga mafaili kwa herufi, siyo kwa hesabu, hivyo faili lililoandikwa 10 linakaa mbele ya 2, likifuatwa na 11, 12, 13 na 14. Sizoni ya nne ina sehemu 14. Mtu akiacha ijicheze yenyewe, baada ya sehemu ya kwanza anatupwa kwenye ya kumi, anamaliza sizoni, halafu anarudishwa kwenye ya pili. Kwenye tamthilia nyingine angegundua mapema. Kwenye Lost anadhani ndiyo mtindo wake. Ukitaka kujua kama ni mtindo au ni flashi, tazama kisiwani: matukio ya kisiwani kwenye sizoni hiyo yanasonga mbele, hayarudi. Kama aliyekuwa ameshapanda helikopta amerudi ghafla msituni bila maelezo, tatizo ni mpangilio wa mafaili. Aliyejaza angeandika 01, 02 na kuendelea, lisingetokea.

Na kwenye vibanda kuna mtafsiri. Sauti yake inapanda juu ya sauti ya filamu, na mara nyingi mngurumo ule wa kuhama wakati unamezwa kabisa. Wengine hukata pia ule muhtasari wa mwanzo unaokumbusha yaliyopita, ili sehemu nyingi zienee kwenye diski moja. Mtazamaji wa kibandani kwa hiyo anafika kwenye "Ji Yeon" akiwa amenyang'anywa hata ishara chache zilizokuwepo.

Mtafsiri afanye nini sasa, aseme au anyamaze? Wapo wanaotangaza mapema kwamba hapa ni zamani, na watu wanatulia, lakini dada wa Mabatini angedai arudishiwe kiingilio chake. Wapo wanaonyamaza kabisa, na ndipo maswali kama la kijana huyu yanapozaliwa. Kwenye "The Constant" sioni mjadala: kila mwaka unapotajwa, autamke kwa sauti kuliko maneno mengine yote, maana waandishi wenyewe walitaka usikike. Kwenye "Ji Yeon" ningemwomba anyamaze kuhusu wakati muda wote Jin anapokimbia, asiongeze hata neno la kwake. Lakini muuguzi akishauliza na Jin akajibu kwamba wana miezi miwili tu ya ndoa, hapo ashushe mziki kabisa na alitafsiri jibu hilo polepole, neno kwa neno. Ufunguo wote uko ndani yake, na likipita chini ya kelele hakuna sehemu nyingine litakaporudiwa.